Kibubu Kimevunjwa, PS Bado Haijalipwa Yote

Muuzaji alitaja bei moja tu: laki nne na nusu. Kwa hela hiyo kijana angepata PS4 Slim iliyotumika, pedi moja, waya wa umeme na waya wa HDMI. "Na gemu tatu zimo humo humo ndani, dogo. Ukifika nyumbani ni kucheza tu." Kijana wa kidato cha tatu kutoka Tandika alisimama mbele ya kaunta ile Kariakoo akiwa na Sh 480,000 ndani ya soksi, juu ya kifundo cha mguu, kwa kuwa mama yake alimwambia mfuko wa suruali si mahali pa kubebea hela Kariakoo.

Hela hiyo ilikuwa jasho la miezi minane. Kila Jumamosi na Jumapili aliosha bodaboda kwenye kijiwe cha karibu na kwao, pikipiki moja Sh 2,000. Wikiendi njema ilimpa Sh 18,000, na ya masika, mvua isipokata, haikufika Sh 6,000. Zote zilitumbukia kwenye kibubu cha mbao. Hakuziweka kwenye simu kwa sababu alishaona jinsi salio linavyomegwa na ada ya kutoa, na kwa sababu salio la simu linatumika hata kabla mtu hajaamua kulitumia. Kibubu lazima kivunjwe, na anayekivunja anajua anafanya nini.

Mama yake, jirani yangu, anauza vitenge na ana hesabu kali. Hakumkataza. Alimwambia neno moja tu: "Baba, hela ni yako. Ila ukishanunua usije kuniomba ya bando."

Nimemfuatilia kijana huyu tangu siku ile. Yaliyompata yanawapata wengi wanaonunua mashine ya gemu kwa mara ya kwanza, na hakuna dukani anayeyasema. Bei iliyobandikwa kwenye boksi ni ya mashine peke yake. Kucheza kuna bei yake, na bei hiyo hulipwa kidogo kidogo, sehemu mbalimbali, kwa watu tofauti. Kwa hiyo hakuna anayeijumlisha mpaka mnunuzi mwenyewe aijumlishe.

Gharama ya kwanza alikutana nayo jioni ile ile, nyuma ya TV. Tangu ilipotoka Novemba 2013, PS4 haina njia nyingine ya kutoa picha ila HDMI. Zile waya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano tulizozizoea kwenye PS2 haina mahali pa kuchomekwa. TV ya kwao ni bapa, ya inchi 24, na tundu la HDMI ni moja tu, nalo limekaliwa na king'amuzi. Kuchomoa na kuchomeka kila siku ni kuliua tundu hilo, na tundu la HDMI likilegea ni kazi ya fundi. Suluhisho likawa kuhamishia king'amuzi kwenye waya za rangi, ambazo kilikuwa nazo tundu lake ila waya hazikuwepo. Sh 5,000 dukani. Mwenye TV ya kichogo angeumia zaidi: angelazimika kununua kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda waya za rangi, kisha agundue kuwa maandishi madogo ya gemu za kisasa hayasomeki kwenye kioo kile. Kabla ya kuuliza bei ya PS, geuza TV uangalie mgongoni kwake. Ukaguzi huo hauna malipo.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu. Gemu tatu zilifunguka kama alivyoahidiwa, na mojawapo ilikuwa ya mpira. Watoto wa mtaa walijaa sebuleni. Kisha siku moja, baada ya kuunganisha mashine kwenye hotspoti ya simu ya kaka yake, alikuta alama ndogo ya kufuli kwenye picha ya kila gemu. Alibonyeza ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, na ya tatu hali kadhalika.

Hapo ndipo ilipo gharama kubwa kuliko zote zilizofichwa kwenye mashine za mkononi, na inafaa ieleweke vizuri. Gemu iliyopakuliwa kutoka duka la mtandaoni la PlayStation si mali ya mashine, ni mali ya akaunti iliyoinunua. Kila akaunti inaruhusiwa kuteua PS4 moja tu kuwa makao yake. Ukiingia Settings, kisha Account Management, utakuta maneno haya:

```
Activate as Your Primary PS4
```

Mashine ikishateuliwa hivyo, mtu yeyote anayeitumia anaweza kucheza gemu za akaunti ile, hata asiye na nenosiri lake. Ndiyo maana gemu tatu zile zilimfungukia kijana wetu kwa wiki mbili. Lakini mwenye akaunti, popote alipo, anaweza kuingia kwenye tovuti ya Sony akafuta uteuzi wa mashine zake zote za zamani, na anaruhusiwa kufanya hivyo mara moja kila miezi sita. Akishafuta na kuteua mashine yake mpya, ile uliyoinunua wewe itapata habari hizo mara ya kwanza itakapogusa intaneti, na kufuli litatokea.

Mwenye akaunti huenda hakumtapeli mtu. Aliuza mashine yake, akanunua nyingine, akahamisha gemu alizozilipia mwenyewe. Aliyekosea ni yule aliyeziuza mara ya pili kwenye kaunta kana kwamba zimo ndani ya chuma. Kijana aliporudi dukani aliambiwa, "Kaka, mimi nilikuuzia mashine, gemu zilikuwa zawadi." Na karatasi aliyopewa siku ya kununua iliandikwa "PS4 1" basi.

Kwa hiyo unaponunua PS4 ya mkononi, usiweke thamani yoyote kwenye gemu zilizomo. Zihesabu sifuri. Omba mashine ifutwe mbele yako: Settings, kisha Initialization, kisha Initialize PS4. Muuzaji akisita kwa sababu "gemu zitapotea", amekujibu swali lako, na bei yake inapaswa kushuka kwa kiasi hicho. Mashine ikiwaka baada ya kufutwa, ikaomba lugha na saa, na sehemu ya diski ikasoma diski unayoijua, sasa mnaongea bei ya kitu kinachojulikana.

Kuna aina ya pili ya "imejaa gemu", na hiyo mtaani inajulikana kwa jina la PS iliyochipiwa. Dar imejaa, Nairobi imejaa, na bei yake mara nyingi iko juu kidogo ya ile ya kawaida. Siku hizi hakuna chipu inayochomelewa. Fundi hutumia udhaifu uliogunduliwa kwenye toleo fulani la programu ya mashine, na matoleo ya 9.00 na 11.00 ndiyo yaliyopata umaarufu zaidi kwa kazi hiyo, kisha akapakia nakala za gemu ambazo hakuna aliyezilipia. Suala la haki ya walioitengeneza gemu lipo, na mimi nalichukulia kwa uzito. Lakini hata kwa hesabu ya mfuko tu, mnunuzi anapaswa kujua anachoingia. Mashine hiyo haitakiwi kupandishwa toleo, kwa hiyo haiwezi kuingia mtandao wa PlayStation kucheza na watu wa mbali bila hatari ya kufungiwa. Udhaifu ule haubaki ukizima mashine. Umeme ukikatika, itabidi iamshwe upya kwa utaratibu wa fundi, na usipoujua utaratibu huo unarudi kwake. Kila gemu mpya unayoitaka ni safari nyingine kwa fundi na malipo mengine. Na gemu inayohitaji toleo jipya kuliko la mashine yako haitafunguka. Kujua kama mashine ni ya namna hii, angalia Settings, System, System Information. Toleo likiwa la zamani sana na muuzaji anakuonya usiiunganishe na intaneti, umeshajua.

Kijana wetu alibaki na mashine safi isiyo na gemu, na Sh 25,000 tu baada ya ile waya. Akarudi kwenye kijiwe cha kuosha pikipiki.

Akiwa huko alikutana na soko asilolifahamu, na hapa ndipo nadhani alianza kushinda. PS4 yenye sehemu ya diski ina faida ambayo mashine mpya zaidi zisizo na diski zimeipoteza: diski ni mali. Inaazimika, inauzika, inabadilishika. Diski ya mpira ya msimu uliopita hushuka bei mara ile ya msimu mpya inapotoka, kwa kawaida kila Septemba. EA walipoachana na jina la FIFA, ya kwanza kwa jina jipya, EA Sports FC 24, ilitoka Septemba 2023, na ratiba ile ile ikaendelea. Mtu anayecheza na wenzake sebuleni hana haja ya ile ya mwaka huu. Yeye alilipa Sh 50,000 kwa diski ya msimu wa nyuma, iliyotumika. Mikwaruzo midogo ya duara si tatizo sana. Mkwaruzo mrefu unaotoka katikati kwenda ukingoni ndio wa kuogopa, na njia ya kuthibitisha ni kuichomeka dukani na kusubiri mpaka inakiliwe yote, si mpaka picha ya mwanzo itokee.

Maana diski ya PS4 haichezwi moja kwa moja kama ile ya PS2. Mashine hunakili karibu gemu yote kwenye hifadhi yake, kisha diski inabaki ndani kama hati ya kuonyesha kwamba unayo. Gemu kubwa hula GB 40, 50 au zaidi. Mashine iliyoandikwa GB 500 haikuachii zote. Ukishaondoa sehemu ya mfumo wenyewe, unabaki na takriban GB 400. Gemu nane kubwa na hifadhi imejaa. Hili halikumgharimu kitu kwa kuwa diski zake ni chache, na ukifuta gemu ya diski unaweza kuinakili tena bila kulipia. Anayetegemea kupakua ndiye hulazimika kununua hifadhi ya nje, ambayo PS4 huipokea kwa USB ikiwa na ukubwa wa kuanzia GB 250.

Bando ndilo lililomshtua. Alipochomeka diski akiwa bado kwenye hotspoti ya kaka yake, mashine iliona kuna nyongeza ya kupakua na ikaanza kuipakua yenyewe. Nyongeza hizo hurekebisha makosa na kubadilisha vikosi, na kwa gemu ya msimu uliokwisha zimerundikana mpaka kuwa GB kadhaa. Usiku ule kaka yake alipoteza bando lote la wiki, GB 7, na nyongeza haikufika mwisho. Kwa bei ya karibu Sh 2,000 kwa GB, ambayo ndiyo hali ya mabando mengi ya simu, hiyo ni Sh 14,000 iliyoyeyuka bila mechi hata moja kuchezwa. Mtu anayetaka kupakua gemu nzima ya GB 50 kwa bando la simu angelipa laki moja juu ya bei ya gemu yenyewe.

Na jambo lisilosemwa ni kwamba nyongeza ile haikuwa ya lazima. Gemu nyingi za diski za PS4 huchezwa jinsi zilivyo bila intaneti kabisa. Mechi ya watu wawili sebuleni haidai kitu mtandaoni. Kinachohitajika ni kuzima waifai kwenye mashine kabla ya kuchomeka diski, na kuzima upakuaji wa wenyewe kwenye mipangilio. Pale gemu inapodai toleo jipya la programu ya mashine, mara nyingi toleo hilo limo kwenye diski yenyewe. Lisipokuwemo, faili lake hupatikana kwenye tovuti ya Sony bila malipo. Mtu analipakua kwenye kompyuta yenye intaneti ya bei nafuu na kulipeleka nyumbani kwa flashi, likiwa limewekwa hivi:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Kijana alifanya hivyo kwenye stesheneri ya mtaani kwao. Alilipa Sh 1,000 ya kompyuta, na hakugusa bando la mtu.

Sasa tuingie kwenye umeme, ambao ndio mama yake aliuona kabla ya mtu mwingine yeyote. PS4 Slim ikiwa kwenye mechi hula karibu wati 90, na TV yao karibu wati 40. Jumla wati 130. Kwa saa tatu kwa siku, mwezi mzima ni karibu uniti 12. Ukizihesabu peke yake ni hela ndogo. Kwa mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, uniti 12 hazifiki Sh 1,500.

Tatizo liko kwenye kundi. TANESCO humuweka mteja kwenye bei hiyo ya chini, Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ikiwa hazidi uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, zile za juu ya 75 hutozwa Sh 350 moja moja, na mteja akiendelea kuzidi anaweza kuhamishiwa kundi la kawaida ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni Sh 292. Ukiongeza VAT ya asilimia 18 na tozo ndogo, Sh 10,000 ya kundi hilo inatoa uniti 28 tu. Nyumba yao ilikuwa inatumia uniti 68 hivi: friji dogo, feni, taa, TV, pasi. Ongeza 12, unapata 80. Chini ya kundi la zamani walikuwa wanalipa kama Sh 8,300 kwa mwezi. Wakihamishwa, uniti 80 zitawagharimu karibu Sh 28,500. Tofauti hiyo ya Sh 20,000 haikuliwa na PS peke yake. PS ilisukuma tu nyumba nzima kuvuka mstari. Lakini kila mwezi inakuja, na anayeilipa ni mama.

Nilimsikia mama huyo akimwonyesha mwanawe karatasi zake za LUKU zilizopangwa kwa tarehe kwenye daftari la vitenge. "Soma mwenyewe, baba. Mwezi wa nne uniti ngapi? Huu je?" Mtoto akasoma. Walikubaliana saa mbili badala ya tatu, siku za shule asiguse kabisa, na mashine izimwe kabisa badala ya kuachwa kwenye usingizi wenye taa ya rangi ya chungwa. Hesabu hiyo inashusha gemu hadi chini ya uniti 3 kwa mwezi, na nyumba inabaki chini ya mstari wake.

Kuizima kabisa kuna sababu nyingine pia. Umeme unapokatika ghafla wakati mashine inaandika kwenye hifadhi yake, kazi huharibika. Ukirudi, mashine huwaka ikilalamika kwamba haikuzimwa ipasavyo na kuanza kujikagua. Mara moja mbili haina neno. Ikiwa mtaa wenu umeme unacheza, na hasa ukirudi na nguvu kubwa kuliko kawaida, gadi ya umeme ya Sh 25,000 au 30,000 ni bora kuliko kubadilisha ubao wa umeme wa mashine. Gadi nzuri hukaa dakika kadhaa baada ya umeme kurudi kabla ya kuupitisha. Kijana aliinunua mwezi wa pili, na katika matumizi yake yote hiyo ndiyo ninayoiunga mkono bila kusita.

Pedi ya pili ilikuja karibu kwa lazima, maana gemu ya mpira ya mtu mmoja inachosha. Za nakala zinaanzia Sh 35,000, za asili zilizotumika karibu mara mbili. Ugonjwa wa pedi za zamani unajulikana: fimbo ya kidole gumba inajisogeza yenyewe. Chukua dakika moja dukani, ingia kwenye mechi, weka pedi juu ya kaunta usiiguse, na umtazame mchezaji wako. Akianza kutembea peke yake, rudisha. Pedi ya kwanza ya kijana, ile aliyokuja nayo kutoka Kariakoo, ilikuwa na dalili hiyo kwa mbali, na kwa miezi miwili aliamini kwamba yeye ndiye asiyejua kulenga goli.

Sasa mtandao. Rafiki zake wawili wenye PS walitaka wacheze kila mtu akiwa kwake. Hapo akakuta malango mawili. La kwanza ni PlayStation Plus. Tangu PS4, kucheza mtandaoni kwenye gemu za kununua, kama hiyo ya mpira, kunahitaji ada hiyo. Septemba 2023 Sony walipandisha ada ya mwaka ya ngazi ya chini nchini Marekani kutoka Dola 59.99 hadi Dola 79.99, na ya mwezi mmoja wakati huo ilikuwa Dola 9.99. Gemu za bure, mfano Fortnite au eFootball ya Konami iliyochukua nafasi ya PES mwaka 2021, hazidai ada hiyo. Zinadai bando tu, na ndani yake mna duka lao la kuuzia wachezaji na mavazi.

Lango la pili halijulikani sana, na limewapotezea wengi hela. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi unazoweza kuchagua unapofungua akaunti ya mtandao wa PlayStation, na Kenya pia haimo. Mwaka 2024 wachezaji wa kompyuta waliligundua hilo kwa kishindo, pale gemu ya Helldivers 2 ilipoondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170 kwa sababu ilihitaji akaunti hiyo. Watu wetu hufungua akaunti kwa kuandika Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Wakishaandika, wamefungwa na nchi hiyo. Kadi ya salio ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Kadi ikishakwanguliwa, muuzaji hairudishi. Na diski nazo zina asili: ukinunua nyongeza ya kulipia mtandaoni kwa diski iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, akaunti ikiwa ya Marekani, mara nyingi nyongeza haitaitambua diski yako. Kwa hiyo fungua akaunti ya nchi ambayo kadi zake zinapatikana kwa urahisi unakonunulia, na uandike kwenye karatasi ni nchi gani.

Kijana wa miaka kumi na sita akiandika umri wake wa kweli, akaunti yake huwa chini ya mtu mzima, ambaye anaweza kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi. Wengi hudanganya umri kukwepa usumbufu huo. Namshauri mzazi auchukue usumbufu huo, kwa sababu ya ile sehemu ya gemu ya mpira inayouza pakiti za wachezaji bila kuonyesha nani yumo ndani mpaka umelipa. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba vifurushi vya namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza sarafu za FIFA nchini humo. Kwetu zinauzwa kama kawaida. Kuweka kikomo sifuri hakuzuii kucheza mechi hata moja.

Kwa jumla, hadi mechi ya kwanza isiyo na kufuli, kijana alitumia mashine 450,000, waya 5,000, diski 50,000, kompyuta ya stesheneri 1,000, na bando la kaka 14,000 alilolirudisha kwa kuosha pikipiki. Hiyo ni Sh 520,000. Pedi ya nakala na gadi zikaifikisha Sh 580,000. Angejua mapema, asingelipa zile 14,000, na angedai bei ya mashine ishuke kwa sababu ya gemu hewa na pedi yenye ugonjwa. Bado hesabu isingekuwa chini ya laki tano na nusu. Kwa hiyo kwa mwenye kibubu, nadhani kanuni inayofaa ni kukivunja pale kilipobeba bei ya mashine na robo yake juu, na kwenda dukani na diski ya kuazima kwa ajili ya majaribio.

Mwezi wa tatu alibadilisha diski yake kwa nyingine ya magari, akaongeza Sh 10,000. Ada ya mtandaoni aliamua kutoilipa kwa mwaka. Hununua kadi ya mwezi mmoja likizo ya Juni na nyingine ya Desemba, ya nchi inayolingana na akaunti yake, na hucheza kwa waifai ya nyumbani kwa mmoja wa wale marafiki, ambako mashine hubebwa kwenye begi la shule ikiwa imefungwa ndani ya kitenge cha mama.